Moto uliokuwa kama umemwagiwa maziwa

Kila niliyemuuliza namna ya kutia moto kwenye picha kwa kompyuta alinijibu kwa mstari mmoja: tafuta picha ya moto yenye nyuma nyeusi, iweke juu ya picha yako, chagua mchanganyo wa leya uitwao Screen, kwisha kazi. Ushauri huo ulinipotezea siku mbili nzima, na mpaka leo unaniudhi.

Kazi ilikuwa bango la kikundi kimoja cha ngoma kutoka upande wa Chamwino. Akina mama wanapiga ngoma ya muheme, mbele yao kuna kuni zimepangwa, na walitaka zionekane zinawaka. Picha nilikuwa nimepiga saa kumi jioni, jua la Dodoma bado kali, mbingu nyeupe nyuma yao. Nikaweka moto, nikachagua Screen, weusi ukatoweka kama nilivyoambiwa. Nikamtumia mama kiongozi wao. Akanipigia: "Mwanangu, mbona moto wenyewe kama umemwagiwa maziwa?"

Alisema kweli. Chini, kwenye kuni, moto ulionekana kidogo. Juu, penye mbingu, ndimi zilikuwa zimefifia kabisa. Nikabadilisha picha ya moto mara nne, nikarudufu leya ili moto uongezeke, nikapata doa jeupe lisilo na umbo. Hapo ndipo nilipoacha kuhangaika na moto, nikaitafuta hesabu ya Screen yenyewe:

```
255 - (255 - a) * (255 - b) / 255
```

Hapo a ni mwanga wa picha ya chini na b ni wa picha ya juu, kutoka 0 mpaka 255. Chukua sehemu ya moto yenye 120. Ikikaa juu ya jiwe lenye 40, jibu ni 141: jiwe limepanda kwa 101, jicho linaona. Ikikaa juu ya mbingu yenye 230, jibu ni 242. Ni 12 tu. Tena hesabu inafanyika kwa kila rangi peke yake, nyekundu, kijani na bluu, na Screen haipunguzi kitu, inaongeza tu. Bluu iliyomo mbinguni inabaki palepale, kwa hiyo rangi ya chungwa inapauka. Hayo ndiyo maziwa aliyoyaona mama.

Basi nikaanza na picha ya chini. Nikaivuta kwa Curves, leya ya kurekebisha mwanga, mpaka mbingu ya 230 ikashuka kwenye 60 hivi, ikawa kama magharibi imeshaingia. Moto uleule wa 120 sasa ulitoa 152, na ukawaka! Kisha kwenye maski ya ile Curves nikachukua brashi laini nyeusi na kufuta giza upande mmoja tu wa nyuso na ngoma, upande unaotazama kuni, nikaongeza leya ya chungwa kwa Soft Light palepale. Bila mwanga huo juu ya watu, moto ungeonekana kama stika iliyobandikwa.

Moshi ndio ninaojivunia zaidi. Picha ya moshi niliyopakua ilikuwa na nyuma inayoonekana nyeusi, lakini nilipoipima ilikuwa 18. Juu ya udongo wenye 40 inatoa 55, na ndiyo maana nilikuwa naona mstatili mwepesi wa kijivu kuzunguka moshi. Hilo linatibika: fungua Levels kwenye leya ya moshi, sogeza kishale cheusi mpaka 20 au zaidi kidogo, mstatili unapotea. Ukizidisha, nyuzi nyembamba za moshi zinaliwa nazo.

Nikaona bora nipige moshi wangu. Nikaazima kaniki ya mama yangu, nikaipiga pasi kwa sababu mikunjo inang'aa, nikaitundika chumbani. Ubani wa kama elfu moja na ushee nikauchoma hatua mbili mbele ya kaniki, nikafunga madirisha maana upepo wa hapa hauna simile. Jaribio la kwanza tochi ilikuwa upande wangu, ikamulika kaniki na moshi pamoja, nikapata ukungu wa kijivu. Nikaihamishia ubavuni mwa moshi, nyuma kidogo, isiguse kitambaa. Moshi ukajitokeza mweupe, kila uzi unajipinda peke yake, nyuma pakawa giza tupu. Nilipiga kama picha sitini.

Moshi mweusi wa tairi usiutafute kwa Screen, haiwezi kutia giza. Huo unataka picha yenye nyuma nyeupe, na Multiply.

Nikampelekea yule mama bango jipya mkononi. "Mbukwa," nikamwamkia. Akalisogeza karibu, akaweka kidole kwenye shavu la mpiga ngoma wa kati, pale penye chungwa, akauliza, "Huyu haungui?"