Chawa darasani: barua niliyoiandika mara mbili

Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira, saa saba mchana, chaki bado mkononi. Nilikuwa nimemwona chawa juu ya mtandio mweupe wa mtoto wa dawati la mbele, akitembea pole pole kama mzee anayekwenda msikitini na muda bado upo. Nikachukua simu, nikatuma kwenye grupu la wazazi:

"Kumezuka chawa gredi ya pili. Wazazi zingatieni usafi wa watoto. Mtoto mwenye chawa asije shule mpaka apone."

Sentensi tatu, na zote zilinirudia. Haijapita nusu saa, grupu linawaka. Mtoto wa nani? Anakaa dawati gani? Mama mmoja akasema kwake wanaoga mara mbili kwa siku, mwingine akamjibu kwani hapa nani haogi, wa tatu akatoka kwenye grupu kabisa. Mimi ndiye niliyewasha moto, kwa lile neno "usafi". Chawa wa kichwani hajali kichwa kimeoshwa lini. Anachotaka ni damu, joto na unywele wa kushika, tena kwenye unywele safi anajishika vizuri tu.

Kesho yake ndiyo ilinivunja. Watoto wanne hawakuja, na baadaye nikajua kwamba mmoja wao alikuwa na mba tu. Msichana wa tano alikuja ananuka mafuta ya taa, ngozi ya nyuma ya masikio nyekundu kama amemwagiwa chai. Shangazi yake alisema ndivyo walivyofanyiwa wao zamani. Naam, na zamani tuliungua pia. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, yanashika moto jikoni, na mtoto akiyavuta puani au akiyameza ni hatari. Dawa ya kupuliza mbu nayo nilisikia inapendekezwa, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Kichwa cha mtoto si ukuta.

Sasa sehemu ya aibu. Usiku wa pili nikaanza kujikuna. Nikajiambia ni mawazo. Mama yangu hakujiambia chochote. Alinikalisha kwenye kigoda na miaka yangu hii, akanilowesha nywele, akazipaka kondishena tele, akatandika foronya nyeupe mapajani mwake, akashika kitana. Si chanuo, nasema kitana, kile cha meno yaliyobanana ambacho siku hizi vijana hawakijui. Alianzia nyuma ya sikio, kitana kikigusa ngozi, akavuta mpaka nchani, akakifuta kwenye foronya. Wa kwanza akatokea, mdogo kama punje ya ufuta, rangi ya kahawia. Halafu wa pili. "Mwalimu," akasema mama, na alipolisema hivyo nilijua nitalisikia tena siku ya Idi.

Pale kwenye kigoda ndipo nilipoielewa barua yangu ilivyokosea. Mimi siku zote nainama na watoto watatu juu ya kitabu kimoja, maana vitabu havitoshi, na vichwa vinagusana. Ndiyo njia yake kubwa. Chawa haruki wala hapai, anatambaa tu kutoka unywele hadi unywele. Akianguka sakafuni, siku moja au mbili amekufa kwa njaa. Na mtu anayepata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa mwezi mzima au zaidi kabla hajaanza kuwashwa. Basi yule mtoto niliyetaka kumfukuza huenda alishakaa nao darasani wiki kadhaa. Kumzuia siku tatu kungeokoa nini?

Barua ya pili niliiandika baada ya kunywa maji. Hii hapa kama nilivyoituma:

"Wazazi wetu, asalamu aleikum na habari za jioni. Darasani kwetu kuna chawa wa kichwani. Si ugonjwa, hawaambukizi maradhi, na si dalili ya uchafu. Mimi mwenyewe nimekutwa nao wawili. Watoto wote waje shule kama kawaida. Naomba kila nyumba ikague vichwa vya wote Ijumaa hii jioni, wakubwa kwa wadogo: nywele zilowe, zipakwe kondishena, zichanwe kwa kitana kuanzia kwenye ngozi. Ukiona chawa hai, rudia Jumanne, Jumamosi na Jumatano, kisha kagua Jumapili. Usipoona hai, usitie dawa yoyote. Tafadhali msitumie mafuta ya taa wala dawa za wadudu. Jina la mtoto halihitajiki kwenye grupu. Mwenye swali anipigie."

Lile la "nimekutwa nao wawili" ndilo lililozima moto. Mwalimu mkuu aliona nimejidhalilisha. Lakini jioni ile ile wazazi sita walinipigia kimya kimya, kila mmoja akianza na "Mwalimu, hata sisi..."

Zile siku watu waliziuliza sana, kwa hiyo nieleze. Ijumaa ni siku ya 1, Jumanne ya 5, Jumamosi ya 9, Jumatano ya 13, na Jumapili ya ukaguzi ni ya 17. Kitana kinatoa chawa, ila mayai mengi yanabaki, maana yamegandishwa kwenye unywele karibu na ngozi kama kwa gundi. Yanaanguliwa ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Aliyeanguliwa leo anahitaji siku tisa au kumi naye apate kutaga. Ukipita na kitana kila baada ya siku nne, unamkamata kila mtoto wa chawa kabla hajawa mama. Wengi wanachana Ijumaa, wanafurahi, wanaacha, na wiki ya pili wananiambia shule imewarudishia.

Mama wa yule mtoto wa mba alikuja na picha kwenye simu. Nilimwambia azipulize nywele za mtoto. Mba unapukutika, yai la chawa unalivuta kwa kucha mbili na bado linagoma. Na ukiona vidoto vyeupe mbali na ngozi, hayo kwa kawaida ni maganda matupu.

Waliosukwa ilibidi wafumue, na hapo nililaumiwa, kwa sababu msuko ni pesa. Kweli nywele za kipilipili hawazipendi sana, lakini hawazikatai. Asiye na kondishena alitumia mafuta ya nazi. Hayaui mayai, ila kitana kinateleza na mtoto halii. Kitana chenyewe tulikipata sokoni kwa mia na kitu, cha chuma ndicho kizuri, cha plastiki meno yanapinda. Nywele ndefu zinakula nusu saa, muwekee katuni.

Wawili walitaka dawa. Nikawaelekeza kwa mfamasia, losheni ya permethrini ya asilimia 1, dakika kumi kisha suuza, na kurudia karibu siku ya tisa. Hiyo ya kurudia ndiyo wanayoisahau. Magodoro hakuna aliyeyatoa juani kwa amri yangu. Foronya, mitandio na kofia zilifuliwa kwa maji moto, basi.

Jumapili ya siku ya 17 nilikaa tena kwenye kigoda. Mama alichana kichwa kizima, foronya ikabaki nyeupe. Nyumba mbili bado zilikuwa nao, na zote mbili zilikuwa zimeruka ile Jumatano. Tukazianzishia hesabu upya.