Mraba wa 137

Juzi binti yangu alikuwa akifanya swali la uwezekano katika daftari lake la miraba, lile la pipi zilizomo mfukoni, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, ukichomoa moja usiipende, unaruhusiwa kuirudisha?" Nilichelewa kumjibu, kwa kuwa nilikumbuka mwembe.

Usiku ule wa mwembe, zamani kidogo, picha ya mkutano wa hadhara, iliyopigwa na droni kutoka juu wima, ilikuwa imetandazwa mezani. Waandaaji walikwisha kutangaza watu 50,000, na mhariri alitaka idadi yetu kabla gazeti halijaenda mtamboni. Nilichora miraba 200, kila mmoja ukiwa sawa na mita 10 kwa 10 za uwanja, nikaandika namba zake kwenye vikaratasi, nikavitikisa ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuchomoa 20. Jumla ya vichwa vya miraba hiyo ingezidishwa kwa 10, basi.

Kila kichwa nilikitia nukta nyekundu. Kilichokatwa na mstari nilikihesabu endapo mstari wenyewe ulikuwa wa juu au wa kushoto, ili mtu mmoja asiingie katika miraba miwili.

Kikaratasi cha kumi na saba kilikuwa 137. Niliposogeza taa, niliona majani matupu: mwembe ulikuwa umeujaza mraba karibu wote, na ukingoni mwa kivuli vilichomoza vichwa 12 na mguu mmoja wa kiti cha plastiki. Picha ilipigwa saa nane mchana, na kwa jua lile nani asingekimbilia chini ya mti? Nilikitazama kikaratasi kwa muda, nikakikunja, nikakirudisha koponi na kuchomoa kingine. Kikaja 64, mbele kabisa ya jukwaa, vichwa 281.

Jumla ilifika 1,860, yaani watu 18,600. Kwa mwembe na vichwa vyake 12, ingekuwa 15,910. Kikaratasi kimoja kilikuwa kimeleta watu 2,690, na sikumwambia mtu.

Nilipaswa kuubakiza mraba ule katika hesabu na kuandika kwamba walio chini ya miti hawakuonekana. Tena nilipaswa kuitenga tangu mwanzo miraba ya jukwaani na ya pembezoni, na kuchomoa katika kila kundi, maana mingine ilikuwa na watu watano na mingine karibu 300. Kwa tofauti hiyo, jumla yangu ingeweza kukosea kwa watu zaidi ya 7,000 juu au chini. Gazeti liliandika "takriban 19,000". Waandaaji walipiga simu wakifoka, nami nikawaeleza utaratibu wetu wa bahati nasibu kwa sauti ya mtu mwadilifu.

Kinachonikera ni kwamba pengine chini ya mwembe walijibana watu 281, au zaidi.

"Hapana," nilimjibu binti yangu. "Hairudishwi."

"Hata kama hukuiona vizuri?"

Nikamwomba daftari, nilisome swali upya.