Vidonge vya usingizi na Mlima Kenya

Leo jioni, kwenye duka la dawa ninakofanya kazi hapa Nairobi, kijana ameomba dayazepamu. Anapanda Mlima Kenya, na safari iliyopita hakulala vizuri kambi ya Shipton, mita 4,200.

"Ulikuwa unashtuka ukihema?"
"Sana, dada. Mwenzangu alisema nilikuwa naacha kupumua kabisa, halafu navuta pumzi kwa kasi."

Jibu hilo limenitia hofu.

Hewa ikiwa nyepesi, mtu hupumua kwa kasi hadi kaboni dayoksaidi inapungua mno kwenye damu. Ubongo unakosa ishara ya kuvuta pumzi, kifua kinatulia sekunde kadhaa. Oksijeni inashuka, unashtuka, unahema tena.

Kule kushtuka ndiko kunakokulinda!

Dayazepamu hufifisha upumuaji na kule kushtuka, hasa ikikutana na pombe, na ule mtuo wa pumzi unaweza kurefuka. Tena asubuhi ukipepesuka, wenzako watadhani ni kidonge, kumbe ubongo umevimba kwa sababu ya mwinuko na wewe ulipaswa kushushwa mlimani mara moja.

Sikumuuzia. Nimemwambia amwone daktari kuhusu asetazolamaidi, ambayo huchochea upumuaji badala ya kuufifisha, na aongeze siku ya kuzoea hewa.

Mliolala Shipton, usiku wenu ulikuwaje?