Mkataba wa Neema na zile simu nne

Mtoto wa mama mdogo, Neema, kaja hapa Nkuhungu jioni na mkataba wa kazi ya kupokea simu za wateja. "Shikamoo dada. Mshahara si mbaya, eti?" Nikaruka mshahara, nikafungua ukurasa wa tageti.

Wanataka kila simu iishe kwa wastani wa dakika 4, ndiyo ile AHT inayokaa kwenye skrini na kugeuka nyekundu ukizidisha. Nikamwuliza: dakika hizo zinahesabu na muda wa kuandika taarifa baada ya mteja kukata? Hakujua. Kule nilikopokea simu mwaka mmoja na miezi miwili zilikuwa zinahesabu.

Hesabu yenyewe nilimfanyia nyuma ya bahasha. Ukikaa kwenye laini saa 7, na asilimia 85 ya muda huo uwe na mteja, zinapatikana dakika 357. Gawa kwa 4: simu 89 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni karibu 1,960. Sasa wakaguzi wa ubora walikuwa wananisikiliza simu 4 tu kwa mwezi.

Mwezi mmoja simu tatu walizipa alama 92 kila moja. Ya nne alikuwa mzee aliyetuma pesa namba isiyo yake, sauti inatetemeka. Saa ilishagonga dakika 3 na nusu, nikaruka swali la mwisho la kuhakiki mwenye laini. Ukiruka uhakiki, simu nzima inapewa sifuri, na kwa haki, maana tapeli naye anajua kulia. Wastani ukashuka hadi 69, tageti 85, bonasi ikaenda. Sikuchukia sifuri. Nilichukia kwamba saa iliyonisukuma ni yao, na kosa likaandikwa kwangu peke yangu.

Kwa hiyo kufuatiliwa hakunisumbui. Nataka kujua wanasikiliza simu ngapi, na kama unaruhusiwa kuisikiliza simu yako na kukata rufaa.

Zamu nazo: unatoka saa 5 usiku, kesho saa 2 asubuhi uko kitini. Hizo ni saa 9, na sheria ya ajira ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwenye mkataba wake haimo. Na bodaboda ya saa 5 usiku, kwa baridi ya Dodoma ya Julai, ni hela yako.

"Na kupanda cheo?"

Aulize waliotoka kwenye viti vile mwaka jana wako wapi: ukaguzi, kupanga zamu, kufundisha wapya, au nyumbani. Wakimtajia mmoja yuleyule kila mara, basi.

Kakunja bahasha. Kesho saa 3 asubuhi anawapigia. Nimemwambia ahesabu watamsubirisha dakika ngapi.