Nilivyotafsiri ripoti za ukaguzi wa ubora kiwandani

Kiwanda chetu kinasaga na kufungasha unga, na ripoti za ukaguzi wa ndani huandikwa kwa Kiswahili na wasimamizi wa zamu. Mnunuzi wa nje alipotaka kuzisoma kwa Kiingereza, kazi nikapewa mimi.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilihusu mzani wa laini ya pili. Mkaguzi aliukuta ukipima mifuko ilhali stika yake ya uhakiki imepitwa na muda. Jibu la idara lilikuwa hili tu: "Mzani umeshughulikiwa na wahusika wameelimishwa." Sikulitafsiri. Kiingereza kizuri kingeficha tu kwamba halisemi nani alifanya nini.

Nikashuka kwenye laini kumuuliza msimamizi. "Kaka, mzani huu ulitoka wapi?"

"Ulikuwa wa akiba, stoo. Wa kawaida uliharibika, fundi akauleta huu."

Orodha ya uhakiki ilikuwa na mizani iliyofungwa kwenye laini peke yake. Hapo chanzo kikaonekana: vifaa vya akiba havikuorodheshwa, kwa hiyo hakuna aliyefuatilia muda wao. Kumwelimisha opereta kusingezuia hilo.

Basi jibu nikalitenga mafungu mawili: kilichofanyika papo hapo, yaani mzani kuondolewa, na kitakachozuia tatizo lisirudi, yaani kuingiza vifaa vya akiba kwenye orodha. ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, inataka yote mawili. Kwa vifaa vya kupimia inataka pia kiwanda kiangalie kama vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa bado vinaaminika. Mifuko iliyokuwa ghalani ilikwisha kupimwa upya, ila hakuna aliyeliandika hilo. Iliyokwisha kusafirishwa haikuangaliwa. Niliandika hivyohivyo bila kupunguza makali, na meneja wa ubora akaamua kumjulisha mnunuzi.

Saa nazo zilihitaji uangalifu. Daftari la zamu lilisema mzani ulianza kutumika "saa 2 usiku, 5/3". Ningehamisha tarakimu zilivyo, msomaji angeelewa saa nane za usiku, saa sita baadaye, na mifuko yote iliyofungwa katikati ingeachwa nje ya hesabu. Nikaandika 20:00, na Machi kwa jina lake, maana Mmarekani husoma 5/3 kuwa tarehe 3 Mei.

Jambo ambalo sikubali kulilegeza ni wakati wa kitenzi. Idara ikiandika "orodha itarekebishwa", kwa Kiingereza inabaki ahadi, nami naomba cheo cha mhusika na tarehe ya mwisho. Ikiandika "imerekebishwa", naomba nione orodha yenyewe kwanza.

Sehemu ya kuthibitisha kwamba hatua imefanya kazi niliiacha wazi kwenye ripoti niliyotuma. Ilijazwa baada ya mkaguzi wa ndani kwenda stoo, kuchukua vifaa vya akiba kimoja kimoja na kukuta namba ya kila kimoja kwenye orodha.