Nimepitia arosto ya pombe na ya vidonge vya usingizi, saa zake hazifanani kabisa

Naandika hii kwa sababu nishapitia zote mbili, kwanza pombe, na miaka kadhaa baadae vidonge vya lorazepamu nilivyoandikiwa kwa ajili ya wasiwasi na kukosa usingizi, na kitu kinachonisumbua ni kwamba watu wengi waliowahi kuacha pombe wanadhani wanajua arosto ya benzo, lile kundi la dawa za kutuliza ambamo lorazepamu imo, itakujaje, yaani wanaipima kwa saa ya pombe. Hapo ndo hatari ilipo.

Pombe ina kawaida ya kufanya haraka. Mwili unaichoma saa kwa saa mpaka inaisha, kwa hiyo mtu aliyekuwa anakunywa sana kila siku akikata, ndani ya saa 6 hadi 24 hivi mikono inaanza kutetemeka, jasho, moyo unaenda mbio, kichefuchefu. Degedege mara nyingi inakuja kati ya saa 6 na 48. Ile hali mbaya zaidi, mtu anachanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwepo, joto linapanda, mara nyingi inaanza siku ya pili mpaka ya nne, na hiyo inaua kama haikutibiwa. Mimi nilikuwa nimelazwa, manesi walikuwa wanakuja kila baada ya muda kunipima mapigo na kuangalia mikono, wananipa vitamini B1 na diazepamu kulingana na hali. Wiki ilipoisha hatari kubwa ilikuwa imepita, ilibaki kazi ya kutokurudia kunywa, ambayo ni habari nyingine.

Kumbe hiyo diazepamu niliyopewa ni ndugu wa dawa iliyokuja kunishika baadae! Zinatibu arosto ya pombe kwa sababu zote mbili zinafanya kazi sehemu moja kwenye ubongo. Kuna kemikali inaitwa GABA ambayo ni kama breki, inatuliza mishipa ya fahamu, na pombe na benzo zote zinaikanyaga hiyo breki ikaze zaidi. Ukizitumia kila siku kwa muda mrefu ubongo unajirekebisha, unalegeza breki yake wenyewe ili uweze kufanya kazi na dawa ikiwa ndani. Sasa ukitoa dawa ghafla, breki iliyolegea ndo unayobaki nayo, na ubongo unahitaji muda kuikaza tena. Ndo maana zote mbili zinaweza kuleta degedege, na ndo maana hii sio suala la kujikaza.

Tofauti inakuja kwenye muda. Lorazepamu inapungua nusu mwilini kwa saa 12 hivi, kwa hiyo ukiiacha arosto inaanza siku ya kwanza mpaka ya tatu. Lakini diazepamu ini linaibadilisha kuwa kitu kingine ambacho nacho kina nguvu, na hicho kinakaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kuacha ghafla na siku za mwanzo akawa poa kabisa, anakula, anaenda kazini, anasema mbona hamna kitu. Kliniki nilikutana na dada mmoja ambaye ndo yalimkuta haya. Alikuwa anatumia diazepamu kila usiku kwa zaidi ya mwaka, akaacha, siku ya nne akawaambia nyumbani kwao ameshavuka, maana kaka yake aliacha pombe na siku ya nne ndo ilikuwa mwisho wa shida. Wiki ya pili ikaanza mwanga unamuumiza macho, sauti ya vyombo inampasua kichwa, misuli inarukaruka, halafu akaanguka na degedege akiwa anaoga. Watu nyumbani hawakufikiria hata kidogo kwamba ni ile dawa, maana kwao hiyo ilishakuwa habari ya zamani.

Hizo dalili za mwanga, sauti, masikio kulia, ganzi na kuchomachoma kwenye ngozi, kuhisi sakafu inacheza, ndo zilinisaidia na mimi kujua nini ni arosto na nini ni wasiwasi wangu wa zamani umerudi. Wasiwasi nilikuwa nao kabla ya dawa, ila masikio kulia sikuwahi. Na ilikuwa inapanda siku chache baada ya kupunguza dozi, halafu inashuka taratibu.

Nilivyotoka mimi ni hivi. Nilikuwa kwenye lorazepamu miligramu 2 kwa siku, daktari akaniambia usikate hata siku moja mpaka tupange. Akanihamisha kidogo kidogo, dozi moja moja, kwenda diazepamu miligramu 20, ambayo kwa hesabu yake ndo ilikuwa inalingana, kwa sababu inashuka polepole na vidonge vyake ni rahisi kugawa. Halafu tukaanza kupunguza asilimia 10 hivi kila wiki mbili, wakati mwingine nne kama hali ilikuwa ngumu. Sasa sikiliza hapa, maana ndo watu wengi wanapokwama: asilimia 10 ni ya dozi uliyonayo SASA, sio ya ile ya mwanzo. Kutoka 20 unatoa 2, sawa. Ukifika 10 unatoa 1. Ukifika 4, ukitoa tena 2 kwa kuwa umezoea kutoa 2, umekata nusu ya dawa yote kwa mara moja, na ubongo unaona hiyo nusu, hauoni kwamba ni kipande kidogo cha kidonge. Kwangu huku chini ndo kulikuwa kugumu kuliko juu, tulikuwa tunatoa nusu miligramu na kusubiri. Dozi ikinishinda tunakaa palepale, haturudi juu labda iwe lazima. Ilichukua zaidi ya mwaka kwa ujumla, na hata baada ya kidonge cha mwisho usingizi ulichukua miezi kukaa sawa. Hizi namba ni zangu, za mwingine daktari wake atazipanga tofauti, hasa kama ana kifafa, mimba, au anakunywa pombe.

Na pombe ndo nilikatazwa kabisa kuigusa njiani. Inatuliza kweli, maana inakanyaga breki ileile, ila ukiichanganya na benzo kupumua kunaweza kusimama usingizini, na pia inaanza kumjengea mtu arosto ya pili juu ya ya kwanza.

Kama unasoma hii na tayari umeacha ghafla, usihesabu siku ukasema zimepita. Kuchanganyikiwa, kuona au kusikia vitu, homa na moyo kwenda mbio, misuli kurukaruka sana, au degedege hata moja, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, na hata bila hizo muone daktari leo, mara nyingi anarudisha dawa kwa kipimo halafu mnashuka polepole. Beba pakiti au boksi la dawa. Waambie jina lake, miligramu ngapi, umetumia muda gani, na kidonge cha mwisho ulimeza lini, na hiyo tarehe iseme hata kama ni wiki mbili zilizopita na hawajakuuliza, maana bila hiyo wanaweza kutafuta malaria au kifafa wakati jibu liko mfukoni mwako.