Fremu za mninga zisizojipinda: nilivyozifanya Tabora

Mlango ukianza kushika, wengi hukimbilia kupiga randa mlango wenyewe. Mwalimu mmoja wa Ipuli, hapa Tabora mjini, alikuwa akifanya hivyo tangu mvua zikatike, na mwezi wa nane milango yake mitatu ilikuwa imepungua mpaka ulimi wa kitasa haufiki. Nilipoitwa niliiacha milango kama ilivyo, nikaning'iniza timazi kwenye miimo ya fremu. Mwimo wa upande wa bawaba ulikuwa umeingia ndani karibu sentimita moja katikati, na pembe ya juu ilikuwa imeachia.

"Mwalimu, mlango hauna kosa," nilimwambia. "Kilichohama ni fremu."

Tulipoing'oa moja, sababu zote zilionekana. Kichwa cha fremu kilikuwa kimewekwa juu ya mwimo na kupigwa misumari tu. Upande wa mbele ulikuwa na rangi tabaka mbili, lakini mgongo uliogusa ukuta ulikuwa mtupu, umeganda chokaa na saruji. Mbao yenyewe ilikuwa mtundu, ambao nyuzi zake hupishana, na ulifungwa ukiwa bado na maji. Ukuta mbichi ulinywesha mgongo, mbele kukakauka kwa upepo wa kiangazi, pande mbili za ubao mmoja zikawa hazilingani urefu wala upana. Lazima ujipinde.

Fremu mpya, za milango na ya dirisha la bafu, nilizifanya kwa mninga wa inchi mbili kwa sita, uliotoka upande wa Sikonge. Mninga hutembea kidogo sana ukikauka, ndiyo maana tunaupenda, lakini hata mninga mbichi utakusumbua. Kwa hiyo sikuamini neno la muuzaji kwamba umekauka. Nilikata kipande chembamba nusu mita kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya, nikakipima kwenye mizani ya duka: gramu 220. Kisha nikakikausha kwenye tanuri la jirani anayeoka mikate, mikate ikishatoka na moto umetulia, nikawa nakipima tena na tena mpaka mizani ikaacha kushuka. Ilisimama kwenye gramu 180. Maji yaliyotoka ni gramu 40, na 40 ukigawa kwa 180 unapata asilimia 22. Kwa fremu, hiyo ni nyingi mno. Hapa kwetu naitaka iwe kati ya 12 na 14.

Nikazipanga mbao chini ya paa lisilo na kuta, jua lisizifikie. Kati ya safu na safu niliweka vijiti vya unene wa sentimita mbili na nusu, kila nusu mita, na kila kijiti kimekaa juu kabisa ya mwenzake wa chini. Kijiti kikikaa pembeni ya mwenzake, uzito wa juu unaukunja ubao na ubao unakauka na mkunjo huo. Juu kabisa nikaweka matofali. Ncha zote nilizipaka rangi ya mafuta iliyobaki, kwani maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na ndipo mipasuko huanzia. Mwishoni mwa Oktoba nilikata kipande kingine kutoka katikati ya ubao: gramu 201, kikavu 178. Hiyo ni asilimia 13, nikaanza kazi.

Kabla ya kupima chochote nilichagua ubao wa kila mahali. Ubao ambao pete zake, ukiutazama kwenye ncha, zimesimama wima kuelekea uso mpana, hautaki kujikunja. Huo niliuweka mwimo wa bawaba, kwa sababu ndio unaobeba mlango. Wenye pete zilizolala ulikwenda upande wa kitasa au kwenye kichwa. Ubao wenye kiini cha mti ndani yake niliuondoa kabisa.

Sasa kiungo. Baada ya randa ubao ulibaki milimita 145 kwa 45. Ndimi hukatwa kwenye ncha ya mwimo, matundu huchimbwa kwenye kichwa. Ulimi mmoja mpana haufai hapa. Ukiuchimbia tundu refu linalokata upana wa kichwa, unakata nyuzi nyingi za kichwa na kukidhoofisha. Na ulimi mpana wenyewe ukisinyaa unacheza ndani ya tundu. Nilikata ndimi mbili pacha. Patasi yangu ni ya milimita 25, basi kila ulimi ukawa wa unene huo: bega 32, ulimi 25, nafasi 31, ulimi 25, bega 32. Jumla 145. Urefu wa kila tundu, ule wa milimita 45, unafuata nyuzi za kichwa.

Matundu nilichimba kutoka pande zote mbili, nikikutana katikati, ili mbao isichanike upande wa kutokea. Kwa nje nilipanua ncha mbili za kila tundu kwa milimita tatu, mahali pa kabari. Jambo hili fundi asilichanganye: kabari zisukume kuelekea ncha za tundu, yaani kufuata nyuzi za kichwa. Ukizipiga zisukume ubavuni, unakipasua kichwa kama kuni. Kwa sababu hiyo hiyo niliacha kichwa kizidi mwimo kwa sentimita saba kila upande. Ukikikata sawasawa na mwimo, kabari inasukuma kipande kidogo cha mbao kilichobaki mpaka kinang'oka. Masikio hayo yanaingia ukutani na kushika fremu.

Ulimi niliutaka uingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Ukiingia kwa mkono bila kusukuma, gundi haitasaidia, na ukitaka nyundo nzito utapasua. Sikuchimba mfereji wa kukalia mlango. Kizuizi ni ubao mwembamba nilioupigilia baadaye, hivyo kiungo kikabaki na mbao yake yote.

Fremu ya upana wa 900 na kimo cha 2100 kwa ndani, hanamu yake, yaani kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, ni milimita 2285. Nilipima hanamu zote mbili ili zilingane, nikagonga kabari za pande zote kwa zamu, nikapima tena. Chini, kati ya miimo, nilipigilia ubao wa muda wa 900 kamili, na haukutolewa mpaka saruji ya ukutani ilipokauka. Kabla ya kwenda ukutani kila fremu ilipakwa rangi pande zote, mgongo na nyayo za miimo zikiwemo. Mwalimu aliuliza kwa nini napoteza rangi mahali pasipoonekana. Nilimwonyesha ile fremu ya zamani, mgongo wake.

Kiangazi kilichofuata nilizunguka fremu zote na timazi. Zilikuwa zimesimama, isipokuwa ya dirisha la bafu. Aliyeweka vigae alikwangua rangi ya mwimo mmoja kwa chini ili kupata nafasi, akauacha hivyo, maji ya kuoga yakawa yanaingia, na mwimo ukawa umekunjika milimita mbili hivi. Niliomba bafu lisitumike kwa wiki mbili, ubao ukakauka na kurudi karibu wote, nikausugua msasa, nikaupaka rangi tabaka tatu, na nafasi kati yake na kigae nikaiziba kwa silikoni.